Kununua mche wa mnazi kwa picha: upi uchukue, upi uuache

Mwenye kitalu yuko Bagamoyo, mnunuzi yuko Morogoro, na kati yao kuna picha ya nazi zilizochipua zimepangwa mchangani na ujumbe mfupi: "Chagua bosi, zote kali." Wengi hapo huchagua mche mrefu kuliko wenzake, na mara nyingi huo ndio wa kuachwa. Mche uliobanwa kivulini hukimbilia juu kutafuta mwanga. Unarefuka upesi, lakini unatoka mwembamba, umepauka na umelegea. Cha kutazama ni shingo, yaani pale shina linapotokea kwenye kumbi. Shingo nene ina maana mche umekula na kushiba.

Nazi za kupanda zinauzwa katika hali kadhaa. Nimezipanga kuanzia ile ambayo picha inaweza kuithibitisha zaidi.

Ya kwanza: mche wenye majani manne au zaidi, nazi yake bado imeshikamana nao

Huu unagharimu zaidi na unasumbua kusafirisha, lakini ndio ningeutolea hela bila kuugusa. Miezi yake kitaluni inasomeka mwilini. Mnazi mchanga ukishachipua hutoa takriban jani moja kwa mwezi, na mche mzuri wenye umri wa miezi 9 hadi 12 tangu nazi ilazwe kitaluni huwa na majani 6 hadi 8 na mzingo wa shingo wa sentimita 10 hadi 12. Kwa hiyo muulize muuzaji nazi iliwekwa lini, kisha hesabu majani mwenyewe. Akisema mwaka mzima na wewe unaona majani matatu, mche umedumaa, hata kama ni wa kijani kibichi.

Shingo utaipimaje ukiwa mbali? Mwombe aegeshe kizibo cha soda kwenye shingo, kiguse kabisa, halafu apige picha kwa ubavu. Kizibo kina upana wa sentimita 3 hivi, na shingo yenye upana huo ina mzingo wa kama sentimita 9 na nusu. Mche wa miezi 9 na kuendelea unatakiwa ukipite kizibo. Ukiona kizibo kimewekwa mbele, karibu na kamera, picha hiyo haina maana, kwa sababu kilicho karibu huonekana kikubwa. Kitamli, yule mnazi mfupi, huwa na shingo nyembamba kidogo kuliko mnazi mrefu wa kienyeji, basi usikipime kwa ukali uleule.

Baada ya shingo, tazama jani la kati ambalo halijafunguka. Lisimame wima, la kijani hadi kwenye ncha. Likiwa la kahawia au limelala upande wakati majani ya nje bado mazima, kuna kuoza moyoni, na mche huo hata bure usiuchukue. Jani moja la chini kabisa kuwa la njano ni uzee wake tu. Majani yaliyokatwa mikato yenye umbo la V, kana kwamba mtu amepitisha mkasi, ni kazi ya chonga, mdudu mwenye pembe: alitoboa jani likiwa bado limejikunja, na kovu likaonekana lilipofunguka. Kama jani la kati ni zima, mche huo unapona.

Dalili nyingine nzuri ni majani kuanza kupasuka vipande mapema, kama kuti la mnazi mkubwa. Kati ya miche ya rika moja, unaowahi kupasua majani una nguvu zaidi.

Ya pili: nazi yenye chipukizi la shibiri moja, jani moja au mawili

Hii ndiyo inayofaa kwa safari ndefu, maana bado inajitegemea. Ndani ya kifuu joya, lile donge laini kama sponji, limeshaanza kujaa, linanyonya nyama ya nazi na kuulisha mche kwa miezi mingi. Ndiyo sababu nazi haitenganishwi na mche, na ndiyo sababu kumbi lina uzito hapa kuliko majani. Liwe kavu, la kahawia, limejaa. Likiwa limesinyaa na kuingia ndani, nazi huenda ilichumwa changa au imekauka. Doa jeusi lenye majimaji karibu na pale chipukizi linapotokea ni uozo. Mistari ya udongo juu ya kumbi ni mchwa.

Kuna mambo mawili yanayowatisha wanunuzi bila sababu. Kumbi lililochongwa upande mmoja si bovu: wenye vitalu huchonga upande wa kikonyo ili chipukizi lipate njia. Mizizi iliyokatwa nayo si tatizo, mingine itaota. Lakini iangalie rangi. Michanga ni myeupe, mikubwa ni ya kahawia yenye wekundu. Ikiwa myeusi na imelegea, acha.

Ya tatu: nazi iliyoanza kuchungulia

Chipukizi jeupe kama jino, bei nafuu. Picha hapa inasema machache: ncha iwe nyeupe au ya kijani, isiwe nyeusi. Swali la msingi ni tarehe. Nazi zinazowahi kuchipua ndizo hutoa miche yenye nguvu, na iliyokaa kitaluni zaidi ya miezi mitano ndipo ikachungulia ni ya kutupwa. Muuzaji asiyekumbuka tarehe huenda anakuuzia masalio ya kitalu.

Ya nne: nazi kavu isiyochipua

Picha tupu haikusaidii. Dai video, nazi itikiswe karibu na simu usikie maji yakicheza. Kimya maana yake imepasuka au imekauka ndani. Inunue kama una kitalu chako na subira.

Mche uliotolewa nazi yake ukatiwa kwenye pakiti sijaupa nafasi yoyote. Umenyang'anywa chakula.

Sasa tuseme umetumiwa picha ya miche mitatu inayoitwa kitamli chekundu cha miezi minane. Wa kwanza unafika kiunoni, majani manne, shingo nyembamba kuliko kizibo: kivuli hicho. Wa pili mfupi, majani sita, shingo imekipita kizibo, lakini vikonyo vya majani ni vya kijani. Wa tatu una majani matano, shingo sawa na kizibo, vikonyo vina wekundu wa chungwa. Wa pili ndio wenye afya kuliko wote, ila si kitamli chekundu; ama umechanganyika na mnazi mrefu, ama ni mrefu wenyewe. Ukitaka kitamli, chukua wa tatu. Lakini kabla ya kulipa mwandikie:

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba picha nyingine ya huo wa tatu, mchana, kivulini. Na kama mnazi mama upo, naomba picha yake pia."

Mchana kivulini, kwa sababu jua la jioni hufanya kila kikonyo kionekane chekundu. Mnazi mama, kwa sababu mche hauonyeshi kama shamba ulikotoka lina ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao dawa yake haipo. Mama mwenye makuti ya njano, anayeangusha nazi changa au aliyebaki gogo bila kichwa, achana na watoto wake wote. Picha ya mama ikikosekana, omba video fupi ya minazi inayozunguka kitalu. Dakika moja inatosha kuona vichwa vyake.