Uzoefu wangu: kamusi ya "herufi za kawaida" dhidi ya kamusi ya alama za fonetiki

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye mashamba ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo, hapa Dodoma. Maneno ya Kiingereza ya kilimo hicho nayasema kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo nilipotafuta kamusi nilichojali zaidi ni namna inavyoonyesha matamshi. Nimetumia mbili. Moja ni ya mtindo wa Kimarekani, inayoliandika neno upya kwa herufi za kawaida. Nyingine ni ya wanafunzi, imechapwa Uingereza, na inatumia alama za fonetiki katikati ya mistari miwili ya mshazari. Muuzaji wa vitabu alinisisitizia ile ya kwanza. Alisema hizo alama nyingine ni za watu wa chuo kikuu.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye Kiswahili, mambo ni kinyume kabisa. Chukua neno "wine", yaani divai. Kamusi ya herufi za kawaida inaliandika "wahyn". Mwingereza akiona "ahy" anajua afanye nini, kwa sababu tayari amezoea vituko vya tahajia ya lugha yake. Mimi nikiisoma kama ilivyoandikwa napata kitu ambacho hakimo katika lugha yoyote. Sasa tazama kamusi ya alama: /waɪn/. Soma tu w, a, i, n. Umemaliza.

Sababu yake iko wazi ukiijua. Alfabeti ya fonetiki ya kimataifa ni kazi ya chama cha walimu wa lugha kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na msingi wake ni alama moja kwa sauti moja. Irabu za a, e, i, o, u zilipewa thamani inayokaribiana sana na ile tuliyoizoea. Kiswahili nacho huandikwa kinavyotamkwa, basi mazoea yetu ya kusoma yanaingia humo bila taabu. Hata baadhi ya alama zinazoonekana ngeni ni sauti zetu wenyewe: ʃ ni sh ya shamba, tʃ ni ch ya chakula, ŋ (n yenye mkia) ni ng' ya ng'ombe, θ ni th ya themanini na ð ni dh ya dhahabu. Ila wengi wetu wa bara husema "zahabu", kwa hiyo hizo mbili za mwisho zinadai ulimi uguse meno kweli.

Neno lililonifundisha zaidi ni "vineyard", shamba la mizabibu. Ukifuata tahajia utasema "vainiyadi", na hapa mjini utalisikia hivyo kila siku. Kamusi inasema /ˈvɪnjəd/. Nilivyolisoma ni hivi.

Kwanza kile kijistari kilichosimama juu mwanzoni. Si koma wala uchafu wa karatasi. Ni alama ya mkazo, na huwekwa kabla ya silabi inayokazwa. Angalia vizuri kamusi uliyo nayo, kwa maana baadhi ya kamusi za Marekani huiweka baada ya silabi, na ukichanganya hizo mbili utakaza silabi isiyo yake.

Pili ni ɪ, i fupi iliyolegea kuliko i yetu. Hapo unaona mara moja kwamba hakuna "vai". Tatu ni mtego mkubwa kwetu: j. Katika alama hizi j si ya jembe, ni y ya yai. Atakayesoma "vinjad" hajakosea kusoma Kiswahili, ila hakufungua ukurasa wa ufunguo wa alama, ambao kwenye kamusi nyingi uko mwanzoni au ndani ya jalada. Sauti ya j ya jembe huandikwa dʒ.

Nne ni ə, e iliyopinduliwa. Hii hatuna, na Kiingereza kinaitumia kuliko irabu nyingine yoyote. Mdomo unalegea, ulimi unakaa katikati, sauti inatoka fupi na hafifu, si a wala e. Haikai kwenye silabi ya mkazo katika matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo ukiiona jua pale unapita haraka. Ukishindwa, a fupi sana itaeleweka, mradi usiivute. Mwisho ni d tupu, bila i ya kuisindikiza. Matokeo yake ni kitu cha karibu na "VIN-yad", silabi mbili. Ile kamusi nyingine inaandika "vin-yerd", nami kila nikiitazama ulimi unataka kusema "ye".

Faida ya alama ya mkazo niliiona zaidi kwenye "viticulture", kilimo cha mizabibu: /ˈvɪtɪkʌltʃə(r)/. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tunayabeba tukienda ugenini. Ulimi wa Mswahili utasema "vitiKALcha". Kijistari kinasema kaza silabi ya kwanza kabisa, VI, halafu zilizobaki ziteremke. Mgeni kutoka nje husamehe irabu isiyo sawasawa, lakini mkazo ukihama anakukazia macho akijiuliza umetaja nini. Ile r kwenye mabano Mwingereza haisemi, isipokuwa neno linalofuata likianza na irabu. Mmarekani huisema daima.

Kuna sehemu moja iliyonifurahisha. "Irrigation", umwagiliaji, imeandikwa /ˌɪrɪˈɡeɪʃn/, na mwisho hakuna irabu kati ya ʃ na n. Wengine wanadhani ni kosa la uchapaji. Hiyo n inasimama yenyewe kama silabi, jinsi m inavyosimama kwenye "mtu", jambo ambalo sisi tunalifanya tangu utotoni. Kijistari cha chini mwanzoni ni mkazo mdogo, wa pili kwa nguvu.

Kasoro zipo. Maandishi ni madogo, na ukinunua nakala ya kudurufu utajuta: nukta mbili za ː, zinazoonyesha irabu ndefu, hubaki doa, na ɪ haitofautiani tena na i. Hapo /ʃɪp/ ya meli na /ʃiːp/ ya kondoo zinakuwa kitu kimoja. Kabla ya kulipa, fungua maneno hayo mawili, ship na sheep, uone kama alama zinasomeka. Pia kamusi hutoa neno likiwa peke yake. Ndani ya sentensi inayokwenda kasi maneno madogo kama "and" na "of" hufifia, na ingizo la neno linakuonyesha sehemu tu ya hilo.

Vipi kuhusu kamusi ya simu yenye kitufe cha sauti? Ninayo na naitumia, bando likiwepo. Lakini sikio lililozoea irabu tano husikia tano. Nikisikiliza "ship" na "sheep" bila kuangalia alama, zote zilikuwa "shipu". Nilipoanza kusoma alama kwanza, nikasema mwenyewe, ndipo nikabonyeza kusikiliza, tofauti ikaanza kusikika. Kinyume chake hakikunisaidia.

Kamusi ya alama naipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa udogo wa maandishi. Ile ya herufi za kawaida naipa mbili, na ningemshauri mtu aliyekulia kwenye Kiingereza aichukue yeye.