GIMP na daftari la babu lisilo na mistari: uzoefu wangu

Marehemu babu alikuwa mchuuzi wa ng'onda Pangani, na daftari lake la mwaka 1974 aliliandika kwenye karatasi tupu, bila mstari hata mmoja. Kichwani mwa ukurasa wa kwanza kuna maneno sita: jina, kilo, bei, jumla, amelipa, baki. Basi. Kurasa zinazofuata ni majina na tarakimu zinazoelea, na asipokuwa na la kuandika anaacha nafasi wazi. Nilitaka kuzihamishia kwenye jedwali la kompyuta, nikaishia kuitumia GIMP kwa wiki tatu. Ni programu ya picha, ya bure, na wala haikutengenezwa kwa kazi hii.

Mwanzoni nilinakili tu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikafika kwa fundi cherehani: kilo 6, 2/50, 15/-, 15/-. Nikaiweka 15/- ya mwisho chini ya "amelipa", fundi akawa hana deni. Hesabu haikunishtua, maana 6 mara 2/50 ni 15/- kweli, na aliyelipa yote na aliyekopa yote wanaandikwa tarakimu zile zile. Kinachowatenganisha ni mahali tarakimu ilipokaa tu.

Hapo ndipo GIMP iliponifaa. Ukifungua picha ya ukurasa kisha ukavuta kutoka kwenye rula ya kushoto, unapata mstari wa mwongozo uliosimama wima juu ya picha, bila kuichafua picha yenyewe. Na ukipitisha kishale popote, chini kushoto unaonyeshwa pikseli ya mahali hapo. Swali lililonipotezea siku mbili ni mstari uwekwe kwenye nini hasa. Majina yanalingana kwa herufi ya kwanza, hilo rahisi. Kilo zinalingana kwa tarakimu ya mamoja, si kwa ukingo wa kulia, kwa sababu babu akiandika 4½ ile nusu anaichomoza nje. Fedha nazo hazilingani kwa ukingo wowote: zinalingana kwenye mshazari unaotenga shilingi na senti. Iwe 2/50 au 115/-, mshazari unaanguka pale pale, kama nukta ya desimali kwa wahasibu. Niliposogeza mistari kwenye mishazari, safu zikajitokeza: bei kwenye 912, jumla 1130, amelipa 1345, baki 1560. Ile 15/- ya fundi ilikuwa kwenye 1552. Hakuwa amelipa hata senti!

Ila mstari wa mwongozo haupindi, na mkono wa babu ulipinda. Kadiri anavyoshuka ukurasa ndivyo anavyosogea kulia, na kufikia mstari wa 31 alikuwa amehama pikseli 48. Mstari wa 28 una 20/- kwenye 1455, karibu katikati ya "amelipa" na "baki". Ukifuata mistari ya juu tu, umbali ni 110 upande mmoja na 105 upande wa pili, kwa hiyo utasema ni baki. Lakini hapo chini safu zote zimeshahama kama pikseli 43. Amelipa sasa iko 1388, baki 1603. Tarakimu yetu iko 67 kutoka ya kwanza na 148 kutoka ya pili. Huyu alilipa. Mwishoni mwa ukurasa babu amejumlisha madeni, 61/50. Nilipoiweka ile 20/- kwenye baki nilipata 81/50. Nilipoiondoa, 61/50 kamili.

Kosa langu kubwa lilikuwa kujaribu kuunyoosha ukurasa kwa kuuzungusha. Chombo cha "Measure" kina kitufe cha "Straighten", nacho kinafaa kama picha yenyewe imepigwa upande. Hapa mistari ya maandishi ilikuwa sawasawa. Kilichoinama ni safu. Ukiizungusha picha, safu zinasimama na maandishi yanaanza kupanda mlima. Unachohitaji ni "Shear", kinachosukuma sehemu ya chini kuelekea kushoto na kuacha kila mstari umelala kama ulivyokuwa. Nilivuta hadi mishazari ya juu na ya chini ikakaa juu ya mwongozo mmoja, na baada ya hapo kunakili kulikuwa kazi ya macho tu.

Ukurasa mmoja unanichukua kama dakika 40, zaidi ya nusu nikisogeza mistari, maana babu hakuanzia mahali pamoja kila ukurasa. Mistari ya ukurasa wa jana usiitumie leo. Kwa kazi hii naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama mwongozo ungeweza kuinama kidogo. Kuna mistari miwili nimeiwekea alama ya kuuliza: wino umetawanyika hadi mshazari hauonekani, na jumla ya ukurasa ule imeliwa na mchwa.