Uzoefu wangu na CrystalDiskInfo: Windows ilisema OK, diski ilikuwa inakufa

Laptopu yangu ya kazi ni ya siku nyingi, na ndani yake kulikuwa na diski ya kuzunguka ya GB 500. Ilianza kuganda kila nilipofungua folda moja ya picha. Taa ya diski inawaka bila kuzima, kipanya kinatembea lakini hakuna kinachofunguka, halafu baadaye mambo yanarudi kama kawaida. Fundi akashauri tupige Windows upya. Kabla ya kukubali, niliiuliza Windows yenyewe hali ya diski:

```
wmic diskdrive get model,status
```

Jibu: OK. Nikapakua CrystalDiskInfo, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski, ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa, nikaifungua kutoka kwenye flashi ili nisiandike chochote kwenye diski yenye wasiwasi. Programu ni ya bure. Ilipofunguka, alama ya afya ilikuwa ya njano: Caution.

Majibu hayo mawili yametoka kwenye ripoti moja, ile ambayo diski inajiandikia yenyewe, iitwayo SMART. Kila mstari wa ripoti una alama, Current, na kiwango cha chini alichoweka mtengenezaji, Threshold. Diski inajitangaza mbovu pale tu Current inaposhuka hadi kwenye Threshold. Mstari wangu wa C5, Current Pending Sector Count, ulikuwa na Current 100 na Threshold 0. Kwa mpangilio huo ni vigumu sana mstari huo kuiangusha diski, hata hali iwe mbaya kiasi gani. Ndiyo maana Windows ilitulia. CrystalDiskInfo yenyewe huangalia safu ya mwisho, Raw Values, yenye hesabu halisi, na kwa mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sekta zenye matatizo, yaani vipande vidogo vya diski vinavyotunza data, inakuwa njano hata kwa sekta moja tu. Hapo ndipo ninapoisifu.

Ninachoilaumu ni kwamba namba hizo huzionyesha kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita badala ya kumi. C5 yangu ilisomeka 000000000018, na mtu angedhani ni 18, kumbe ni 24. Ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC], usome namba za kawaida. Na usishtuke ukiona namba kubwa mno kwenye mstari wa 01 wa diski ya Seagate; ndivyo wanavyoihesabu.

Sasa hizo 24 ni nini? Ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, nayo bado haijaamua la kufanya. Haiwezi kuzibadilisha na sekta za akiba kwa sababu kilichomo hakijasomeka. Inasubiri mpaka uandike kitu kipya juu yake. Ukiandika, ama sekta inakubali na kuondolewa kwenye hesabu, ama inahamishiwa akiba na mstari wa 05 unapanda. Kwa hiyo tungepiga Windows na kufomati diski nzima, C5 ingeweza kurudi sifuri na laptopu ikaonekana imepona, huku picha zimekwenda.

Utafiti wa Google wa mwaka 2007 kuhusu diski zao uliona kwamba diski ikishapata sekta ya kwanza ya aina hii, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 16 ya ule wa diski isiyo nayo. Sikuanza na chkdsk /r, amri ya Windows ya kutafuta sekta mbovu, maana inaisugua diski nzima kabla hujaokoa kitu. Nilianza na mafaili ya kazi, kisha picha, kwenda diski ya nje:

```
robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /R:1 /W:1
```

Hizo /R:1 na /W:1 usiziache. Bila hizo robocopy hurudia faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na diski inaendelea kuteseka mahali palepale. Picha chache hazikusomeka, nyingine zote zilitoka. Nilipofungua ripoti baada ya kuhamisha, C5 ilikuwa 56 na 05 imeanza kupanda. Namba inayopanda hivyo ndani ya muda mfupi inatisha zaidi kuliko namba kubwa iliyosimama mwaka mzima.

Ripoti safi, hata hivyo, isikulaze. Katika utafiti huohuo, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote kwenye vipimo vinne vya SMART vilivyohusiana zaidi na kufa kwa diski. Programu hii naipa sifa zote kwa kutoa onyo, lakini ikiwa bluu, rangi ya diski nzima, sisomi humo ruhusa ya kuacha nakala.

Sasa laptopu ina SSD. Huko CrystalDiskInfo inaonyesha asilimia ya afya, na kwa kawaida hiyo inapima jinsi chipu zilivyochakaa kwa kuandikiwa. Kidhibiti chake kikiungua ghafla, asilimia hiyo inaweza kuwa bado 98.