Gego liliniuma kwenye sujudi, kumbe si gego

Siku sita taya la juu upande wa kulia liliniuma. Kliniki ya kwanza walinimulika mdomoni, wakaona gego nililoziba zamani, wakataka kuling'oa papo hapo. Sikukubali. Shangazi akanielekeza kliniki nyingine, Ganjoni, na hiyo ndiyo ninayoisifu hapa.

Daktari, mama wa makamo, alianza kwa kuuliza. "Pole, mwanangu. Linazidi wakati gani?" Nikamwambia nikisujudu, na nikiteremka kwenda kupanda feri ya Likoni, kila hatua naisikia shavuni. Akauliza kama nilikuwa na mafua. Nilikuwa nayo, na pua ya kulia ilikuwa bado imeziba.

Akachukua kipamba chenye ubaridi mkali, akagusa kwanza jino zima la kushoto nijue ubaridi wa kawaida ulivyo, ndipo akagusa gego langu. Nilishtuka, lakini alipokiondoa tu pakatulia. Akaniambia neva ya jino ikiwa imeharibika, maumivu hubaki nusu dakika na zaidi hata ubaridi ukishaondoka. Kisha akagonga jino mojamoja kwa mpini wa kioo chake. Matatu yaliuma sawasawa, na hilo ndilo lililomfungua macho, maana jino bovu kwa kawaida hujitambulisha peke yake. Mizizi ya magego ya juu iko chini tu ya sainasi, ule uwazi wa hewa ndani ya shavu. Uwazi ukivimba, meno yote ya hapo yanalalamika.

Taya nalo hakulipuuza. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akanifungulisha na kunifungisha kinywa. Hakikulia kitu, hapakuuma, na vidole vyangu vitatu vilipita wima katikati ya meno. Kiungo cha taya kingekuwa na shida, alisema, ningeumia nikitafuna nyama au nikipiga miayo.

Bado alipiga eksrei, na sababu yake naiona ya maana sana: jino lililokufa neva halisikii baridi, na usaha wake unaweza kupanda ukaichafua sainasi kutoka chini. Hapo kamasi hutoka tundu moja tu la pua, tena linanuka. Ncha za mizizi yangu zilikuwa safi.

Sikupewa antibiotiki. Nilipewa dawa ya kupuliza puani, na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nirudi ikipita siku kumi bila nafuu, au nikipata nafuu kisha hali izidi, na nisisubiri hata kidogo jicho likivimba. Siku ya nne nilisujudu bila maumivu.

Kasoro yao ni foleni, nilikaa saa mbili, na eksrei hulipiwa kando bila kuambiwa mapema. Ulizeni bei mapokezi kabla hamjaketi.