Uzoefu wangu: kutolewa CRB kwa deni nililokuwa nimeshalipa

Februari mwaka jana nilikwenda SACCO yetu hapa Mombasa kuomba mkopo wa 150,000, niongeze mashine ya ovaloki na cherehani mbili kwenye duka langu la kushona. Fomu nimejaza, wadhamini ninao, akiba haijawahi kurukwa mwezi. Afisa wa mikopo akabofya bofya, kisha akanigeuzia skrini polepole. "Dada, uko CRB." Yaani nimeorodheshwa kwenye ofisi inayotunza rekodi za wakopaji kama mtu asiyelipa. Mstari mmoja ulikuwa mwekundu: mkopo wa 3,500, salio 4,044, siku za kuchelewa 1,347, na mbele yake neno Non-Performing, yaani mkopo usiolipwa.

Nilikumbuka hapo hapo. Ni mkopo wa simu niliochukua Mei 2021 kupitia apu ya benki moja. Ada ilikuwa asilimia 7.5, na siku 30 zilipopita bila kulipa ikatozwa tena juu ya ile ya kwanza, ndiyo 3,500 ikafika 4,044. Wakati huo simu iliibwa Kongowea, nami kwa uvivu nikasajili laini mpya badala ya kurudisha ile ya zamani. Mkopeshaji anatakiwa kukupa ilani ya siku 30 kabla ya kukupeleka CRB. Sina shaka ilani ilitumwa, ila ilikwenda kwenye laini ambayo haikuwa mikononi mwangu. Na usidhani deni dogo haliorodheshwi. Tangu kanuni za 2020, yanayoachwa ni yale yasiyofika shilingi 1,000 tu.

Tarehe 3 Machi nikalipa zote 4,044, na benki ikanitumia kwa barua pepe barua ya kumaliza deni. Nilisubiri wiki moja nikarudi SACCO, mstari bado mwekundu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kulipa hakufuti chochote siku hiyo. Ofisi ya CRB haina uwezo wa kubadilisha salio lako, inaonyesha kile alicholeta mkopeshaji, na mkopeshaji hupeleka taarifa zake kila mwezi. Ukilipa tarehe 3, hesabu mpaka taarifa za mwezi huo zipokewe na ziingizwe. Kwa hiyo nikasubiri hadi katikati ya Aprili.

Kenya ina ofisi tatu za CRB zenye leseni ya Benki Kuu, na kila moja ina rekodi yake. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka, basi nikaomba kwa zote tatu. Mbili zilikuwa safi: ule mkopo umeandikwa Closed, salio sifuri. Ya tatu, ambayo ndiyo SACCO yetu huitumia, bado ilisema sijalipa.

Niliisoma ile ripoti ya tatu mara mbili kabla ya kuona kitu. Mkopo wangu ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mstari wa kwanza umefungwa, salio sifuri. Mstari wa pili, kurasa mbili mbele, una tarehe ile ile ya kukopa na kiasi kile kile cha 3,500, lakini nambari ya akaunti ni tofauti na salio ni 4,044. Ukiona mistari miwili inafanana tarehe na kiasi huku nambari ya akaunti ikitofautiana, shuku kwamba ni deni moja lililoingizwa kwa nambari mbili. Baadaye benki ilinieleza kwamba walibadilisha mfumo na mikopo ya zamani ikapewa nambari mpya. Malipo yangu yaliingia kwenye nambari mpya, ile ya zamani ikabaki inaning'inia haina mwenyewe.

Nikajaza fomu ya malalamiko ya ile ofisi. Nilichoambatisha ni nakala ya kitambulisho, barua ya kumaliza deni, ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala, na ukurasa wa ripoti niliouzungushia kalamu ile mistari miwili. Huo ukurasa ndio uliosaidia kuliko vyote. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika tu "nimeshalipa", wakanijibu kwamba rekodi inaonyesha nimelipa, wakimaanisha ule mstari wa kwanza, na wakafunga lalamiko. Wiki mbili zimepotea hivyo. Mara ya pili niliandika nambari zote mbili za akaunti na kusema wazi: hii ya pili ni marudio ya ile ya kwanza, naomba iondolewe.

Safari hii wakaweka alama kwenye rekodi kwamba taarifa hiyo inapingwa, wakaiandikia benki. Mimi nami nikaenda tawini na karatasi zile zile, kwa sababu benki isipojibu, CRB imefungwa mikono. Kijana wa pale alinitazama kama naongea Kichina. Nikaomba aniitie mtu wa kitengo cha mikopo, akaja mama mmoja mtulivu, akaangalia ule ukurasa kwa dakika moja hivi, akasema, "Hii ni akaunti yetu ya zamani. Nitawaandikia leo." Siku tisa baadaye mstari wa pili haukuwepo.

Kisha nikaomba cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba sidaiwi, nacho kilikuja na vituko vyake. Kwenye simu niliambiwa nilipie 2,200. Nikamjibu yule binti aliyepokea simu kwamba Benki Kuu ilitangaza 2020 kuwa cheti cha kwanza ni bure, na mimi sijawahi kuchukua. Akaniweka kwenye muziki muda mrefu, akarudi, "Sawa mama, tutakutumia." Kikafika kesho yake.

Kwa huduma, ile ofisi ya CRB naipa nyota tatu kati ya tano. Ripoti ilitoka haraka na inasomeka, lakini kufunga lalamiko bila kufungua viambatisho si kazi.

Lingine ni hawa wa mitandaoni wanaoandika "nakutoa CRB kwa 1,500, nina mtu ndani". Binamu yangu alituma, akaletewa picha ya cheti chenye jina lake. Alipokipeleka kwa mwajiri, walikagua nambari yake wakakuta haipo. Deni lake lilikuwa pale pale, na 1,500 zimekwenda.

Nilidhani nikishapata cheti nimekuwa mtoto mchanga. Cheti kinasema tu kwamba leo sidaiwi deni lililochelewa. Ule mstari wa kwanza, wa deni la kweli nililochelewesha, haukufutwa na haukustahili kufutwa, kwa kuwa haukuwa kosa la mtu. Unakaa miaka mitano tangu siku ya kumaliza kulipa, yaani mpaka Machi 2030, na kila anayefungua ripoti yangu anauona, na siku 1,358 za kuchelewa zimeandikwa pembeni. Marudio ndiyo yanayofutika. Historia inasubiri muda wake.

SACCO walinipa 90,000 badala ya 150,000, wakaniongezea mdhamini mmoja. Ovaloki nimenunua, na cherehani moja. Ile laini ya zamani nilikwenda kuiulizia, nikaambiwa imeshapewa mtu mwingine, kwa hiyo nimepita kila benki na kila apu niliyowahi kukopa nikabadilisha nambari. Moja bado inataka niende na barua ya polisi ya simu iliyoibwa 2021.