Spidi ipo, simu hazishikiki: uzoefu wangu na intaneti ya ofisi hapa Njiro

Niseme mapema: laini yenyewe ningeipa nyota tatu, ila watu wao wa huduma kwa wateja nisingewapa hata moja. Jina la kampuni siliandiki. Walioniuzia wanajijua, na shida ninayoieleza inaweza kukukuta ukiwa kwa mtoa huduma yeyote.

Ofisi yetu inapeleka wageni mbugani. Mteja yuko Ujerumani, anataka kuamua alale usiku ngapi Tarangire kabla ya kupanda Ngorongoro, na mambo hayo tunayamaliza kwa simu ya video. Sasa kijana wetu wa video akianza kupandisha klipu za safari YouTube, mimi nimekwisha. Nauliza swali, kimya. Narudia, halafu jibu la swali la kwanza linaingia juu ya sauti yangu, tunapigana vikumbo na mgeni, kila mmoja anasema samahani. Klipu ikimaliza kupanda, tunasikilizana vizuri kabisa. Akianza nyingine, yale yale.

Hayo yote niliyaeleza kwenye simu, taratibu, na nikasema wazi kwamba shida inakuja mtu akipandisha video na inaondoka akimaliza. Jibu nililopewa: "Dada, huku tunaona spidi yako iko sawa. Labda hiyo simu yako imechoka." Nikamwambia natumia kompyuta. "Basi ongeza kifurushi." Kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kula. Tukaongeza, hela ikatoka. Kushusha kulipanda mpaka 30 Mbps. Kupandisha, ambako ndiko kwenye ugonjwa, kulibaki 4 Mbps kama zamani, na hakuna aliyenitajia hilo kabla ya kulipa. Hapo ndipo nilipokasirika hasa.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja kijana wa mjini. Hakugusa waya. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yangu akaandika amri inayopima ujumbe unachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi:

```
ping -t 8.8.8.8
```

Mistari ikawa inashuka: `time=41ms`, `time=43ms`, `time=40ms`. Akamwambia kijana wa video apandishe faili lolote kubwa. Haikuchukua muda namba zikaanza kukwea: 300, 800, zikatua karibu na `time=1900ms`, na hapa na pale `Request timed out.` Faili liliposimamishwa, zikarudi kwenye arobaini. "Dada, laini yako si mbovu," akasema, "ina foleni." Kisha akafungua kipimo cha mtandaoni ambacho, tofauti na vile vya spidi tupu, kinapima ucheleweshaji wakati laini imejaa. Kimeandikwa `Bufferbloat` na kinatoa alama kama za shule. Sisi tulipata `F`.

Alinieleza hivi. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na ruta ina hifadhi ya kuweka pakiti zinazosubiri kutoka. Kompyuta inayopandisha faili huongeza mwendo mpaka ione pakiti zimepotea. Kupotea huko ndiko kunakoiambia ipunguze. Kifaa chenye hifadhi kubwa kupita kiasi hakipotezi pakiti mapema, kinazilundika tu, na kompyuta inaendelea kusukuma ikidhani njia ni nyeupe. Piga hesabu: mrundikano wa megabaiti 1 ni megabiti 8, na kwa 4 Mbps zinahitaji sekunde 2 kutoka. Sauti yangu ni vipakiti vidogo mno, lakini vinaingia nyuma ya mrundikano wote, kama mtoto aliyetumwa kiberiti dukani akamkuta mtu anapimiwa magunia ya mchele. Ndiyo maana kuongeza spidi ya kushusha hakukusaidia kitu. Na kinachoniuma ni kwamba dawa haina upya wowote: Kathleen Nichols na Van Jacobson waliieleza CoDel, njia ya kuzuia foleni kama hiyo isirefuke, hadharani mwaka 2012. Mtu analipwa mshahara kujibu simu za intaneti na anakwambia simu yako imechoka!

Dawa yenyewe. Kifaa cha mtoa huduma hakina mpangilio huo, na nenosiri la kuingia ndani walikataa kutupa, kwa hiyo tukanunua ruta ya pili inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, waya wa kifaa chao ukaingia kwenye tundu la WAN la ruta yetu. Fundi akaongeza kifurushi cha `luci-app-sqm`, akaingia `Network`, kisha `SQM QoS`. Kwenye foleni akachagua `cake`, iliyojengwa juu ya wazo lile la CoDel, script ikawa `piece_of_cake.qos`. Jambo kubwa ni namba mbili tu, nazo huandikwa kwa kilobiti: kushusha 25000, kupandisha 3400. Yaani chini kidogo ya spidi halisi, na kwa makusudi. Ukiiambia ruta yako ipeleke pungufu ya uwezo wa laini, foleni haifanyiki tena ndani ya kifaa chao, inafanyika kwako, na kwako kuna anayeisimamia: kila mazungumzo yanapewa zamu yake, na faili kubwa likianza kulundika linapunguziwa pakiti mapema ili kompyuta ipunguze mwendo.

Mara ya kwanza haikufanya kazi, nikaanza kumwangalia fundi vibaya. Kumbe kompyuta ya kijana wa video ilikuwa bado imejiunga na Wai-Fai ya kifaa cha zamani, kwa hiyo mzigo wake ulikuwa unapita pembeni, ruta mpya haiuoni. Wai-Fai ile ikazimwa. Tukarudia: faili linapanda, `ping` inacheza kati ya 45 na 60. Nikampigia mgeni wa Munich palepale, video ya tembo ikiwa inaendelea kupanda, na tukamaliza ratiba yote bila hata mmoja kumkatiza mwenzake. Nilifurahi jamani, acha tu. Upandishaji umekuwa wa polepole kidogo, na kijana hajalalamika.

Kwa hiyo nilitaka kurudisha zile nyota tatu, hata nne. Ila jioni ikafika. Laini yetu inakuja kwa antena, na watu wa mtaa wakirudi nyumbani spidi ya kupandisha inashuka mpaka kwenye 3 Mbps. Ukiwa umeandika 3400 na laini inapitisha 3000, foleni inahamia tena kwenye kifaa chao, na ucheleweshaji unarudi. Tumeshusha namba mpaka 2700. Simu sasa zinashikika mchana na jioni, lakini mchana nalipia 4 Mbps na siitumii yote, kwa sababu yao. Nyota mbili, basi. Na hiyo ni kwa ajili ya antena kutokufa kwenye mvua.

Ruta na fundi nawapa tano. Tahadhari moja kwa wenye faiba: kazi hii inakula nguvu ya prosesa, na ruta ya bei ya chini kwenye laini ya mamia ya Mbps inaweza kukaba spidi yenyewe. Ukiona hivyo, upande wa kushusha usiuwekee kikomo, dhibiti kupandisha peke yake. Kwa laini kama yetu, ruta yoyote ya kawaida inaiweza.

Kampuni nimewaandikia barua, nikaambatisha picha ya zile `1900ms`, nikidai nenosiri la kifaa au warudishe pesa ya kifurushi nilichoongezewa bila faida. Mpaka sasa hawajajibu. Mkataba ukiisha wasinipigie.