Kujifunza pikipiki: kijiweni au driving skuli?

Hili swali haliishi. Kwa hela, kijiweni panashinda, unamlipa boda na mafuta, mnaenda uwanjani jioni, siku tatu klachi inakuelewa. Skuli ni ghali na chombo mnapokezana, siku nyingine unapanda dakika kumi tu, inaboa.

Ila kwenye breki ndo utaona tofauti. Mimi wa kijiweni, niliambiwa usiguse ya mbele itakurusha, nikazoea ya mguu tu, siku mtoto kakatiza kwenye lami tairi la nyuma likaserereka nikala mwereka, bahati helmeti nilifunga mkanda. Skuli wanakufundisha kubana zote mbili taratibu, chombo kikiwa kimenyooka, na kwenye mchanga ya mbele kiupoleee.

Leseni nayo, lena, ile ya kujifunzia, unatakiwa uwe nayo kabla ya kuingia barabarani, kokote utakapojifunzia, na leseni ya gari bila daraja A haikusaidii kwenye pikipiki. Cheti cha skuli kijiweni hupati.

Kama unataka kubeba abiria mjini nenda skuli. Kama ushaendesha miaka kijijini, balansi unayo, lipia somo la alama za barabarani na breki basi.